Mtoano wa kupoteza mara mbili: mechi ya 15 inatoka wapi?

"Mtoano wa kawaida wa timu 8 una mechi 7. Tukiruhusu kila timu ipoteze mara mbili, si ni mechi 14 tu?"

Ni 14 au 15, na hutajua ipi mpaka fainali ichezwe. Hesabu vipigo: kila mechi hutoa kipigo kimoja. Timu 7 zinazotolewa zina vipigo viwili kila moja, jumla 14. Bingwa naye humaliza bila kipigo, au akiwa nacho kimoja.

Kwenye ratiba, upande wa juu, wa timu ambazo hazijapoteza, una mechi 4, 2, kisha 1. Upande wa chini, wa timu zenye kipigo kimoja, una 2, 2, 1 na 1, kwa sababu raundi ya pili na ya mwisho hupokea walioanguka kutoka juu. Ongeza fainali: 14.

Utata uko hapo. Aliyetoka juu hajapoteza. Wa chini ana kipigo kimoja. Wa chini akishinda, wote wana kimoja kimoja, kwa hiyo hurudiana, na hiyo ndiyo mechi ya 15. Ukimpa kombe papo hapo, umemtoa mwenzake kwa kipigo kimoja, wakati wengine wote walipewa viwili. Evo, mashindano ya michezo ya video ya mapigano, hurudia fainali. The International, mashindano ya mchezo wa video wa Dota 2, hayarudii.

Mwandaaji akikodi ukumbi kwa mechi 14, marudiano hukosa muda. Tenga nafasi ya 15 mapema, na kanuni itangazwe kabla ya mechi ya kwanza.