Tangazo la "nafasi 1,480" kwa jina la Sekretarieti ya Ajira: msijaze, msilipe, msisambaze

Ndugu wanakikundi,

Tangazo linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watafuta kazi, lenye nembo ya Taifa na kichwa "Nafasi 1,480: Watunza Kumbukumbu, Madereva na Wasaidizi wa Ofisi", ni la matapeli. Najua wengi mmelituma kwa nia njema ili mwenzenu asikose nafasi. Matapeli wanaitegemea nia hiyo, ndiyo maana ukijaza fomu yao inakutaka kwanza uitume kwenye makundi kumi kabla ya kuendelea. Hakuna mwajiri wa serikali anayeweka sharti la namna hiyo.

Tuanze na kiungo, kwa sababu ndicho kilichowaponza wengi. Kimeandikwa ajira.go.tz.maombi-mapya.com/fomu. Watu wameona "ajira" na "go.tz" wakaridhika. Anwani ya tovuti haisomwi hivyo. Ruka "https://" ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha soma maneno yaliyo kushoto kwake ukirudi nyuma. Hapa utakutana na "com", halafu "maombi-mapya". Huyo ndiye mwenye tovuti. Vyote vilivyotangulia, pamoja na hiyo "go.tz", amejiandikia mwenyewe, na angeweza kuandika hata Ikulu. Jina la .com hununuliwa na mtu yeyote, ilhali jina linaloishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali tu. Mfumo halisi wa maombi ni portal.ajira.go.tz, na kabla ya mkwaju inaishia "go.tz" bila kitu kingine baada yake. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, lakini bado tunajibiwa "mbona lina nembo?" Nembo hunakiliwa kwa sekunde chache. Haithibitishi chochote.

Dalili ya pili ni fedha. Tangazo linadai shilingi 15,000 za "kufungua faili la usaili", zitumwe kwenye namba ya simu. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakuna malipo, iwe ya fomu, ya usaili au ya kupangiwa kituo. Zaidi ya hapo, malipo halali ya serikali hufanywa kwa kontroli namba yenye tarakimu 12, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri ni la taasisi. Aliyejaribu kulipa tangazo hili aliliona jina la mtu binafsi kwenye skrini. Alipouliza, akaambiwa huyo ndiye mhasibu. Hapo ndipo pa kubonyeza "ghairi".

Tatu, utaratibu wenyewe umepinduliwa. Kwa kawaida unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unapakia vyeti na barua ya maombi iliyosainiwa, kisha majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti. Unafika na vyeti halisi, unapita mchujo na mahojiano, na waliofaulu hutangazwa tena wakiwa na vituo vyao. Tangazo hili linakupa "barua ya kuitwa kazini" dakika chache baada ya kujaza fomu, kabla hata cheti chako hakijaonwa na mtu. Na kama kuna anayejiita "mtu wa ndani" akaahidi kukuvusha, tafadhali achaneni na dhana hiyo. Huyo ni mwenzao.

Kuhusu sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inamhusu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni za uongo ili kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyesambaza bila kujua si mlengwa, lakini baada ya kusoma ujumbe huu hutaweza kusema hukujua.

Uliyekwisha kulipa, usifute ujumbe wowote. Piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako, wape namba ya muamala na uombe fedha zizuiwe. Zikiwa zimeshatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Tuma ujumbe wa kitapeli kwenda 15040 na ufuate maelekezo utakayopewa, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na picha za skrini, uchukue RB. Kama uliwapa namba ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako iondolewe. Kama nywila uliyojaza kwao ndiyo unayotumia kwenye portal halisi au barua pepe, ibadilishe leo, ukianza na ya barua pepe.