"Betri yake ni asilimia 100": namba hiyo inapima nini hasa

"Fundi, simu haina shida, betri yake ni mia." Kauli hii naisikia karibu kila siku, mara nyingi kutoka kwa mtu aliyenunua iPhone ya mtumba na ambaye simu hiyohiyo inazima mkononi mwake ikiwa na chaji ya kutosha. Amefungua Settings, ameona Maximum Capacity 100%, ametoa hela. Nimechoka kuona watu wakipoteza pesa kwa sababu ya namba moja ambayo hawakuelezwa inatoka wapi.

Namba hiyo ni uwiano. Juu kuna kiasi cha umeme ambacho betri inakadiriwa kubeba leo ikijaa, chini kuna kiasi ilichotakiwa kubeba ilipokuwa mpya. Betri ya iPhone 11 ikiwa mpya ni 3110 mAh, kwa hiyo simu ikiandika 80% inamaanisha kama 2490 mAh zimebaki. Zingatia neno kukadiriwa. Hakuna kifaa ndani ya simu kinachoweza kuchungulia betri na kuona imebaki kiasi gani. Kilichopo ni chipu ndogo inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, halafu betri ikipumzika bila kutumika, inasoma volti na kuilinganisha na jedwali la betri za aina ile. Kutokana na hayo mawili inakisia ujazo. Mtu anayechaji kutoka 60 hadi 80 mchana kutwa, simu haipumziki wala haishuki chini, anainyima chipu nafasi ya kujisahihisha, na makosa madogo yanajikusanya. Ndiyo maana namba inaweza kukaa 91 miezi mitatu kisha ikaanguka hadi 88 kwa wiki moja. Betri haikuugua wiki ile. Hesabu ndiyo iliyorekebishwa.

Sasa turudi kwa ile mia. Chipu hiyo inakaa kwenye ubao mwembamba uliounganishwa na seli ya betri, na kumbukumbu yake inaandikika. Mashine za kuandika upya takwimu za betri ziko kwenye meza nyingi za mafundi, na kazi halali ipo: unapobadilisha seli iliyochoka unahamisha ubao wa zamani ili simu iendelee kuutambua, kisha unarekebisha takwimu zilingane na seli mpya. Lakini mashine hiyohiyo inaandika 100% na mizunguko sifuri ya kuchaji kwenye betri yoyote, hata iliyokufa nusu. Simu inasoma ilichoandikiwa. Ikianza kufanya hesabu yake yenyewe, namba inashuka, na hapo ndipo mteja anarudi akilalamika kwamba alinunua ikiwa 100 na sasa ni 84.

Simu moja ya namna hiyo nilipokea juzi: iPhone 11, skrini inasema 100%, inazima ikiwa na chaji 34 ukifungua kamera. Niliiacha icheze sauti taratibu, bila kazi nzito, hadi ikaisha yenyewe. Kisha nikaiunganisha na chaja kupitia mita ya USB, ile ndogo inayochomekwa katikati ya chaja na waya. iPhone ikipata umeme hujiwasha, kwa hiyo niliiweka kwenye hali ya ndege na kuzima skrini, nikaiacha ijae kabisa. Mita ikaandika 9.2 Wh, yaani saa-wati, kipimo cha nishati iliyopita. Sehemu ya umeme huo hupotea kama joto njiani, na mimi huwa nakata asilimia 15, hivyo kilichoingia kwenye betri ni kama 7.8 Wh. Betri mpya ya simu ile hubeba karibu 11.9 Wh. Gawanya: asilimia 66. Nilipofungua, utepe wa njano unaofunika maungio ya ubao na seli ulikuwa umebandikwa mara ya pili, na alama za kulehemu zilionekana wazi.

Kipimo changu nacho kina kosa, pengine pointi tano juu au chini, kwa sababu upotevu hutofautiana kati ya chaja na chaja. Lakini hakuna kosa la mita linaloweza kugeuza 66 kuwa 100. Ndiyo maana nawasihi wote wanaonunua simu za mtumba: mita ya USB ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri. Kama muuzaji hawezi kukusubiri ujaze simu, mwombe walau ufungue kamera, urekodi video na kuwasha tochi simu ikiwa chini ya 30. Betri iliyochoka huanza kuruka namba hapohapo.

Jaribio hilo la kamera linagusa jambo ambalo asilimia haisemi kabisa. Betri ikizeeka hupoteza ujazo, na pia ukinzani wake wa ndani hupanda. Dumu linaweza kubeba lita zake zote huku mdomo wake umeziba nusu. Maji yapo, ila hayatoki kwa kasi unayotaka. Kamera na prosesa vikidai umeme mwingi kwa mpigo, volti inaanguka na simu inazima ingawa chaji ipo. Kwa hiyo 88% ya kweli inaweza kuzima, na 78% ya kweli inaweza kutembea vizuri siku nzima kwa mtu wa simu na WhatsApp. Baridi huzidisha ukinzani, wateja wa Njombe na Mafinga wanaijua hali hii asubuhi. Kwenye iPhone yenye maandishi ya Peak Performance Capability, yanayosema kama betri bado inaweza kutoa umeme mwingi kwa mpigo, yasome pia, usiishie kwenye namba.

"Imefika 79, lazima nibadilishe leo." Si lazima. Asilimia 80 ni mstari uliochorwa na watengenezaji. Apple inasema betri za iPhone 14 na za nyuma zimeundwa kubaki na 80% baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1000. Hakuna kinachokatika kati ya 81 na 79. Badilisha pale siku yako haifiki jioni, simu inapozima yenyewe, au betri inapoanza kuvimba na kuinua kioo. Ikivimba, usisubiri asilimia yoyote, na usiichaji tena.

"Nikiimaliza hadi sifuri na kuijaza, afya inapanda." Namba inaweza kupanda, kwa sababu umeisaidia chipu kuhesabu. Ujazo wenyewe haurudi. Kufanya hivyo kila wiki kunaichosha betri tu.

"Programu niliyopakua kwenye Android inasema 72." Uliipa muda gani? Programu hizo hukadiria kutokana na kila mara unapochaji. Ukichaji kutoka 60 hadi 80 na simu ikakosea pointi tatu tu katika usomaji wa hizo 20, makadirio ya betri nzima yanakosea kwa asilimia 15. Chaji mara kadhaa kutoka chini ya 20 hadi juu ya 90, ndipo uanze kuangalia wastani.

"Sasisho limeua betri yangu." Mwaka 2021 Apple ilitoa iOS 14.5 ikiwa na zana ya kurekebisha hesabu ya betri kwenye iPhone 11, 11 Pro na 11 Pro Max, kwa sababu baadhi ya simu hizo zilikuwa zinaonesha afya isiyo sahihi. Watu waliona namba ikibadilika baada ya wiki kadhaa, na betri zao zilikuwa zilezile za jana.