Mume ana presha lakini hamezi dawa: mke afanyeje?

Mume wangu ana presha. Kichwa kisipomuuma hagusi dawa, na nikimkumbusha ananijia juu. Nifanyeje?

Dada, kwa sasa punguza kumkumbusha, umuulize jambo moja tu: "Dawa hizi zinakukera nini?" Muulize mkiwa wawili, asiwepo mtoto wala shemeji, kisha unyamaze umsikilize. Wanaume wengi husema "mimi mzima" kumbe kuna kero wanaona haya kuitaja.

Chukua mfano wa mwanamume aliyeandikiwa amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi, ambayo humfanya mtu akojoe zaidi. Anavimeza vyote usiku akishatoka kazini. Usiku huohuo anaamka mara tatu kwenda chooni, asubuhi anasinzia kazini, na mwezi haujaisha ameviacha vyote viwili. Mkewe anaona ukaidi, ilhali mwenzake anatafuta usingizi. Hapo mara nyingi inatosha kuihamishia asubuhi ile ya kukojosha, baada ya kumuuliza daktari au mfamasia.

Kero nyingine nazo zina dawa yake. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na daktari anaweza kuibadilisha kwa losatani. Kwa mwenye kisukari, metformini ikimvuruga tumbo, aimeze pamoja na chakula. Ikiendelea kumsumbua, amwambie daktari, maana ipo ya aina inayoachiliwa polepole ambayo wengi huistahimili.

Anasema hasikii chochote, kwa hiyo presha imeshuka. Nitamthibitishiaje?

Mabishano hayatamshawishi, namba zinaweza. Presha ya 170 kwa 100 mara nyingi haiumi popote, huku ikiharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo. Tafuteni mashine ya kupimia inayofungwa juu ya kiwiko, na mkanda wake umtoshe mkono.

Akojoe kwanza, aketi ameegemea kwa dakika 5 bila kuongea, miguu ikanyage chini bila kukunja nne, mkono uwe mtupu na uegemezwe mezani, usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya hapo asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Apime mara mbili kwa kupishanisha dakika 1, asubuhi na jioni, kwa siku 7, na aandike mwenyewe. Nasisitiza mwenyewe, kwa sababu ukiandika wewe litakuwa daftari la mashtaka. Siku ya kwanza iachwe, zilizobaki zitafutiwe wastani. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi nyumbani, presha bado iko juu. Daftari liende kliniki.

Akirudia dawa asitarajie namba kushuka kesho yake. Nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nguvu yake yote. Wengi hukata tamaa hapa.

Hatimaye amekiri: anadai dawa zimempunguzia nguvu za kiume.

Amekuamini, usimcheke wala kulipeleka kwa ndugu. Huenda ana haki: atenololi na dawa za kukojosha huweza kuchangia. Lakini presha yenyewe, na kisukari pia, huharibu mishipa inayopeleka damu kule, kwa hiyo kuacha dawa kunaweza kumwongezea tatizo. Amweleze daktari waziwazi ili abadilishiwe. Asiikatize atenololi ghafla, kwani presha na mapigo ya moyo huweza kupanda kwa kishindo. Na asinunue vidonge vya kuongeza nguvu kienyeji: vikikutana na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti, presha huporomoka kiasi cha kuua.

Na nikimsagia dawa kwenye uji bila yeye kujua?

Hapana. Kuna vidonge, kama nifedipini ya kuachiliwa polepole, ambavyo vikisagwa dawa yote huingia mwilini kwa mara moja. Tena huenda siku hiyo kameza vyake kimyakimya, akapata dozi mbili. Kwa kisukari ni mbaya zaidi: glibenklamidi kwa mtu aliyekula kidogo huweza kushusha sukari hadi azirai, na daktari akimuuliza amemeza nini, atajibu hajameza kitu. Akigundua, hata chakula chako hatakiamini.

Akisahau dozi, ameze akikumbuka. Ikiwa muda wa dozi nyingine umekaribia, aiache ile iliyopita, asimeze mbili pamoja.

Hali moja tu haingoji mazungumzo. Presha ikivuka 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kukwama au macho kutoona vizuri, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, mpeleke hata kama hamna mashine.