Kiungo cha mlezi na mwanafunzi kwenye mfumo wa shule

Shule inapohamishia matokeo na ada kwenye mfumo, kisha ikawafungulia wazazi akaunti, lazima mfumo uwe na namna ya kujua nani ni mzazi wa nani. Nenosiri halitoshi kwa hilo. Linathibitisha tu kwamba aliyeingia ndiye mwenye akaunti. Kama mwenye akaunti huyo ana haki ya kuona alama za Neema wa Darasa la Sita, hilo ni swali jingine, na jibu lake hukaa kwenye rekodi ya peke yake: kiungo cha mlezi na mwanafunzi.

Kiungo ni mstari mmoja kwenye jedwali. Unamtaja mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, unasema wanahusianaje, mtu huyo anaruhusiwa kuona nini, na ruhusa hiyo inaanza lini na kuisha lini. Mtoto mwenye walezi watatu ana mistari mitatu. Baba mwenye watoto wanne shuleni hapo ana mistari minne. Usipokuwepo mstari unaokuunganisha na mtoto fulani, kwa mfumo wewe ni mgeni kwa mtoto huyo, hata kama mnatumia ubini mmoja na mnaishi nyumba moja.

Shule nyingi hazianzi hivyo. Zinaanza na kile kilichokuwa kwenye rejista ya karatasi, yaani nafasi moja ya "jina la mzazi/mlezi" na nafasi moja ya namba ya simu, vyote kwenye ukurasa wa mwanafunzi. Anayetengeneza mfumo huzinakili nafasi hizo mbili kama zilivyo, halafu anaandika kanuni kwamba anayeingia kwa namba ile ndiye mzazi. Kwa familia ya baba, mama na watoto wao wawili, inafanya kazi. Tatizo ni familia nyingine zote.

Tuchukue familia moja ya mfano. Neema yuko Darasa la Sita, mdogo wake Baraka yuko Darasa la Nne, shule ni hiyo hiyo. Baba yao ni mmoja, mama tofauti. Mama Neema aliachana na baba na yuko mkoa mwingine, kwa hiyo Neema anakaa kwa bibi, mzaa mama. Ada ya Neema inalipwa na mjomba. Baraka anakaa na baba yake na Mama Baraka. Hapo kuna watu wazima watano na watoto wawili, na viungo vinavyohitajika ni sita: baba kwa Neema, baba kwa Baraka, Mama Neema kwa Neema, bibi kwa Neema, mjomba kwa Neema, na Mama Baraka kwa Baraka.

Ruhusa za viungo hivyo hazilingani. Bibi ndiye anayekwenda kumchukua Neema akiugua shuleni, kwa hiyo anahitaji mahudhurio, matokeo na taarifa za afya. Mjomba anahitaji kuona deni la ada na stakabadhi za malipo yake, basi. Kulipa ada hakumpi mtu haki ya kusoma kwamba mtoto aliitwa ofisini kwa utoro. Ndiyo maana ruhusa huandikwa kwenye kiungo chenyewe, maana mjomba huyo huyo ana mtoto wake shuleni hapo, na kwa mtoto wake anaona kila kitu. Ukiiweka ruhusa kwenye akaunti yake, utamnyima kwa mwanawe au utamzidishia kwa Neema.

Kuna njia ya mkato ambayo watengenezaji wengi huipenda: kuunda kitu kinachoitwa "familia", kuwaingiza wote humo, na kila aliyemo kuona watoto wote waliomo. Kwa familia yetu, Mama Neema angefungua simu yake akakuta alama za Baraka, na Mama Baraka angeona za Neema. Hakuna mwalimu ambaye angewaonyesha hivyo ana kwa ana, ila mfumo ungewaonyesha kila muhula. Uhusiano wa kuona rekodi haurithiwi kupitia mtu mwingine. Baba kuunganishwa na watoto wote wawili hakumuunganishi mama mmoja na mtoto wa mwenzake. Uvujaji huu huingia pia kupitia vitu vidogo, kama kisanduku cha "ndugu zake shuleni" kwenye ukurasa wa mwanafunzi, au ankara moja inayojumlisha ada za watoto wa baba mmoja.

Jedwali likiwa sawa, bado kuna kazi ya pili, nayo ndiyo inayosahaulika zaidi. Mfumo unatakiwa kukiuliza kiungo kila mara rekodi inapoombwa, na si wakati wa kuingia tu. Mzazi akifungua matokeo, mara nyingi anwani ya ukurasa inaishia na kitu kama `mwanafunzi=412`. Namba hiyo ni ya mtoto wake. Akiifuta 412 akaandika 413, mfumo ufanye nini? Mfumo dhaifu huona kwamba mtu ameingia kihalali, kisha unamtolea rekodi ya 413. Menyu yake ilikuwa inamwonyesha mtoto wake peke yake, lakini menyu haizuii kitu, ni mpangilio wa vitufe tu. Kosa la namna hii ni la kawaida sana: orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, jumuiya inayofuatilia usalama wa programu za mtandaoni, iliweka udhaifu wa udhibiti wa ruhusa katika nafasi ya kwanza.

Swali sahihi kwa hifadhidata huubana mlango kwenye seva yenyewe:

```sql
SELECT m.somo, m.alama
FROM matokeo m
JOIN kiungo k ON k.mwanafunzi_id = m.mwanafunzi_id
WHERE m.mwanafunzi_id = :aliyeombwa
  AND k.mlezi_id = :aliyeingia
  AND k.aona_matokeo = TRUE
  AND k.kuanzia <= CURRENT_DATE
  AND (k.mwisho IS NULL OR k.mwisho > CURRENT_DATE);
```

Hapa `:aliyeombwa` inaweza kutoka kwenye anwani, mzazi aibadilishe apendavyo. Lakini `:aliyeingia` haitoki kwa mtumiaji hata kidogo. Seva inaichukua kwenye kumbukumbu yake ya nani ameingia. Mama Baraka akiomba namba ya Neema, hakuna mstari unaokidhi masharti, na jibu ni tupu. Ni vizuri ukurasa useme "haipatikani" badala ya "huruhusiwi", kwa sababu jibu la pili linathibitisha kwamba mtoto mwenye namba hiyo yupo. Ulinzi huo huo unatakiwa kwenye ripoti za PDF. Nimeona mifumo iliyofunga kurasa zake vizuri kabisa, huku ripoti zikikaa kwenye folda iliyo wazi kwa majina kama `ripoti_412.pdf`. Asiyeweza kukisia jina linalofuata ni nani?

Sasa, viungo vyenyewe vinapatikanaje? Hapa kosa si la kompyuta tena, ni la karani na fomu. Namba ya simu ni njia nzuri ya kumtumia mzazi ujumbe, ila ni mbaya kama uthibitisho wa uzazi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye anaweza kuanza kupokea matokeo ya mtoto asiyemjua. Na kuna mwalimu wa darasa ambaye, kwa kuwasaidia wazazi wasio na simu, aliandika namba yake mwenyewe kwenye fomu zao. Kwenye mfumo unaounganisha kwa namba, mwalimu huyo amekuwa mzazi wa nusu ya darasa. Kuunganisha kwa ubini ni kubaya zaidi, hasa kwenye shule yenye akina Juma Hassan watatu.

Njia inayoaminika ni ya polepole kidogo. Ofisi inamsajili mlezi kutokana na fomu ya kujiunga, inaangalia kitambulisho chake, kisha inatoa namba ya siri ya kuunganisha. Namba hiyo ni ya mlezi mmoja na mtoto mmoja, hutumika mara moja, na huisha nguvu baada ya siku chache. Namba ya usajili ya mwanafunzi pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa haziwezi kufanya kazi hiyo, kwani watoto wa darasa lake wote wanazijua. Mlezi mwingine akitaka kuongezwa baadaye, anaomba, na ofisi ndiyo inayokubali. Mzazi asipewe kabisa nafasi ya kutafuta mtoto kwa jina.

Viungo huisha pia. Mtoto akihamia kwa mlezi mwingine, ofisi inaandika tarehe ya mwisho na kuuacha mstari ulipo. Ukiufuta, kesho mtu akiuliza nani alikuwa na uwezo wa kuona rekodi za Machi, hutakuwa na jibu. Wazazi wakigombana, mmoja wao atakuja kumwomba mwalimu mkuu amfungie mwenzake. Shule si mahakama. Malezi na haki ya kumtembelea mtoto huamuliwa na mahakama chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa hiyo karani abadilishe kiungo akiwa na amri mkononi, na aandike kwenye mfumo nani alibadilisha na kwa karatasi gani. Kwa Tanzania kuna sababu nyingine ya kuwa makini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti.

Mwalimu ambaye mtoto wake anasoma hapo hapo anahitaji kutenganishwa na nafsi yake. Kama mwalimu, anaona darasa analofundisha. Kama mzazi, anaona mtoto wake. Akiingia upande wa mzazi, haki zake za ualimu zisimfuate.

Kuupima mfumo hakuhitaji fundi. Tengeneza walezi wawili wa majaribio, kila mmoja na mtoto wake wa majaribio. Ingia kama wa kwanza, nakili anwani ya ukurasa wa matokeo na ya ripoti ya PDF, toka, kisha ingia kama wa pili na uzibandike. Rudia ukiwa umetoka kabisa. Rudia tena baada ya kuweka tarehe ya mwisho kwenye kiungo, ukiwa bado umeingia kwenye simu nyingine: ukurasa ukiendelea kufunguka, mfumo unakagua wakati wa kuingia tu. Halafu mwombe mtunza mfumo orodha mbili, ya watoto wasio na mlezi hata mmoja, na ya walezi wenye watoto wengi kuliko kawaida. Kwenye orodha ya pili ndiko utakakomkuta mwalimu mwenye nusu ya darasa.

Kuna tundu moja ambalo jedwali haliwezi kuliziba. Mwalimu wa taaluma akimaliza kuandaa matokeo, akapiga picha ya karatasi ya darasa zima na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, Mama Baraka ataona alama za watoto wote wa Darasa la Nne kabla hata hajafungua mfumo.