Pango la kitovuni halikuletwa na unyevu wa Dar

Nimechoka na habari ya unyevu. Mtu analeta puli ya alumini ya mashine ya kusaga niliyommiminia kwenye kalibu ya mchanga, rimu safi, sahani safi, ila fundi wa kukereza alipoanza kutoboa sehemu ya shafti kakutana na pango katikati ya kitovu. Kabla sijaishika, mwenye mali keshatoa hukumu: "Fundi, mchanga wenu mbichi. Bahari ipo hapo tu, mngeukausha kwanza." Mbaya zaidi, hata mafundi wenzangu wa Gerezani wanaitikia. Wanauanika mchanga mpaka unakosa mshiko, kalibu inamomonyoka wakati wa kumimina, na sasa puli ina pango na ina mchanga ndani yake.

Naomba mtu aliangalie hilo tundu kwanza, tena kwa tochi. Tundu la gesi huwa la mviringo, kuta zake laini, mara nyingi zinang'aa, na hupenda kukaa juu juu chini ya ngozi au kutawanyika popote. Mchanga ukiwa na maji kupita kiasi, au ukishindiliwa mpaka hauna pa kupumulia, ndiyo matundu utakayoyapata. Masika yapo, siyakatai. Lakini lile pango la kitovuni lina kuta zenye makwaruzo na pembe pembe, na ukisogeza jicho unaona vijitawi vidogo vya alumini vimesimama kama vilivyoganda. Tena halipo popote pale: lipo sehemu nene kuliko zote, katikati, mahali palipoganda mwisho. Gesi gani hiyo inayojua kuchagua kitovu kila siku?

Hapo alumini imesinyaa na haikupata nyongeza. Ikitoka kwenye hali ya kimiminika kwenda kuganda hupoteza takriban asilimia 6 ya ujazo wake. Ikiwa na silikoni nyingi, kama ile ya pistoni chakavu, hupungua kidogo chini ya hapo. Rimu na sahani zikiganda mapema, zinajazia upungufu wao kwa kunyonya kutoka kitovuni. Kitovu nacho kinyonye wapi? Kwenye raiza, ile nguzo ya alumini ya akiba inayosimama juu ya kitovu na kukatwa baadaye, kama bado haijaganda. Ndiyo kesi yenyewe.

Na raiza zetu nazifahamu. Ni kipande cha bomba, kipenyo milimita 40, kirefu cha kujivunia. Ukisema haitoshi, mtu anairefusha. Hili la urefu ndilo linalonikera kuliko unyevu, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Kanuni aliitoa mhandisi Chvorinov mwaka 1940: muda wa kuganda unafuata mraba wa ujazo uliogawanywa kwa eneo linalopoza. Chai ya kwenye kisahani hupoa kabla ya ile ya kikombeni, kwa sababu hiyo hiyo. Chukua kitovu cha kipenyo 80 na kimo 60, sahani inayokishika ikiwa na unene wa 10. Ujazo ni kama milimita za ujazo 301,600. Eneo linalopoza, ukitoa ile sehemu inayogusana na sahani, ni kama 22,600. Gawanya, unapata milimita 13.3. Sasa ile raiza ya bomba, kipenyo 40 na urefu 150: ukigawanya vivyo hivyo, huku chini inapokalia kitovu ukiiacha, unapata 9.4. Ukichukua 9.4 kwa 13.3 na kuipiga mraba, inabaki nusu. Raiza inaganda kwa nusu ya muda wa kitovu inachopaswa kukilisha! Tena ikiwa bado inaganda inavuta alumini kutoka kitovuni, kwa hiyo inaliongeza pango badala ya kuliziba.

Irefushe basi mpaka ifike kwenye mabati ya paa. Nguzo ya kipenyo 40 haiwezi kuvuka 10 kwenye hesabu hii, kwa sababu robo ya kipenyo ndiyo kikomo chake. Urefu unaongeza mgandamizo, na mgandamizo una kazi yake, lakini haununui muda. Muda unanunuliwa na unene.

Desturi ni raiza izidi kitovu kwa mara 1.2, yaani 13.3 iwe 16. Raiza iliyokalia kitovu, kimo sawa na kipenyo, inatoa moja ya tano ya kipenyo chake. Kwa hiyo 16 mara 5 ni milimita 80. Ndiyo, upana wa kitovu chenyewe. Hapo mteja anashtuka, maana raiza hiyo ina zaidi ya kilo moja ya alumini, nzito kuliko kitovu. Inarudi kwenye chungu, mzee. Puli yenye pango nayo inarudi chunguni, ila hiyo inarudi pamoja na kazi yote ya kukereza.

Kama hutaki raiza nene, weka kipande cha chuma kwenye kalibu chini ya kitovu kipoze upande huo haraka. Lakini kiwe hakina kutu, na ukipashe moto kabla ya kufunga kalibu. Chuma baridi ndani ya mchanga wenye maji hutoa jasho, na hapo ndipo unyevu wa Dar unapoingia kwenye kesi kihalali.

Mfereji wa kumiminia nitaupita haraka. Uwe mpana juu na mwembamba chini, na ujae muda wote, usivute hewa. Alumini ikishuka milimita 150 inafika chini ikienda kama mita 1.7 kwa sekunde, wakati inatakiwa iingie kwenye kalibu chini ya mita 0.5, la sivyo utando wake wa oksidi unajikunja ndani na matundu yanapata pa kuanzia. Vitabu vinasema panua mfereji wa chini mara mbili au nne, kasi ishuke. Mimi sina imani hiyo yote. Mfereji usipojaa, alumini inateleza chini chini kwa kasi ile ile, na ule upana unabaki kwenye karatasi. Jambo jingine: ukiingizia alumini chini, inayofika kwenye raiza ni ile iliyokwisha kupoa. Imiminie ya moto juu mwishoni, kisha ifunike kwa majivu ya pumba za mpunga.

Kuna kesi ambazo hata tochi hainisaidii. Alumini iliyochemshwa kupita kiasi, ile ya "ongeza moto iteleze vizuri", hubeba haidrojeni nyingi, na ikiganda huishikilia kidogo sana, kama sehemu moja ya ishirini. Gesi hiyo inajitoa pale pale ambapo kusinyaa kumeacha nafasi, na tundu linakuwa nusu laini nusu lenye pembe. Hapo sijui nimlaumu nani, na simwamini sana anayejua kwa kutazama tu. Kuna kero nyingine: haidrojeni kidogo huficha pango kubwa kwa kulisambaza kuwa vitundu vidogo vidogo. Ukiisafisha alumini vizuri, pango linarudi wazi, na mteja anasema umeharibu.

Kwa hiyo usitupe raiza bila kuipasua. Ikate kwa urefu. Juu ikiwa imezama kama faneli na shimo likaishia ndani ya raiza, imefanya kazi. Shimo likipita shingo na kuingia kitovuni, ilikuwa na muda wa kutosha lakini ikaishiwa alumini: ongeza kimo. Juu ikiwa tambarare, ndani nzima, na kitovu kina pango, iliganda kabla: ongeza kipenyo.