√3 ya delta imejificha wapi?

"Delta si haina √3, maana volti ya laini na ya fezi ni ileile?"

Kwenye umeme wa fezi tatu, √3 ya fomula ya nguvu ipo hata mzigo ukifungwa delta, ila imehamia kwenye karenti, kwa sababu kila waya wa laini unalisha fezi mbili na karenti zao hazifiki kileleni pamoja, ndo maana jumla haiwi mara 2. Chukua hita 3 za omu 20 kila moja, laini volti 400. Kila hita inavuta ampea 20, laini inabeba 34.6, so √3 × 400 × 34.6 ni kama kilowati 24, sawa na 3 × 400 × 20. Kosa la wengi ni kupima laini kwa klampu mita halafu kupiga 3 × 400 × 34.6, unapata kilowati 41.5 za hewani! Hizohizo zikifungwa stari, hita inapata volti 231, zinabaki kilowati 8, fomula ileile ya √3. Mzigo usipolingana, hesabu kila fezi peke yake.