Shilingi 18,000 za mama zilipotelea wapi? Dhana potofu kuhusu risiti ya kutuma pesa

Mdogo wangu anafanya kazi Marekani na kila mwezi humtumia mama dola 200 hapa Ujiji. Mwezi mmoja alinipigia: "Dada, mama kapata laki tano yake?" Nikaangalia simu ya mama. Ujumbe ulisema zimeingia shilingi 482,000. Mdogo wangu alikuwa ameona mtandaoni kwamba dola moja siku hiyo ni kama shilingi 2,500, na kampuni ilimwambia haitozi ada yoyote. Jioni ile nzima tukamlaumu wakala. Siku ya pili akanitumia picha ya risiti, tukaanza kuisoma mstari kwa mstari. Tarakimu nimezizungusha hapa ili hesabu ifuatike, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Dhana: "Ada ni sifuri, kwa hiyo hakuna kilichokatwa."

Hii ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote.

Sheria ya Marekani inailazimisha kampuni inayotuma pesa nje kumwonyesha mtumaji mistari ileile kabla hajalipa, kisha kwenye risiti. Juu kuna "Transfer Amount", yaani kiasi kinachotumwa. Chini yake "Transfer Fees", ada ya kutuma, na "Transfer Taxes" kama ipo kodi. Jumla yake ni "Total", pesa iliyomtoka mtumaji. Halafu unakuja "Exchange Rate", kiwango cha kubadilisha, na mwisho "Total to Recipient", anachopata mpokeaji kwa shilingi.

Risiti ya mdogo wangu ilionyesha ada 0.00 na kiwango 2,410. Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Kampuni ilimhesabia kila dola kwa shilingi 2,410, wakati kiwango cha kati, kile ambacho benki hufanyia biashara zenyewe kwa zenyewe, kilikuwa 2,500. Pengo ni shilingi 90 kwa kila dola. Zidisha kwa 200: shilingi 18,000, sawa na dola 7 na senti 20. Huo ndio ujira wa kampuni, ila hauna mstari wake. Sheria inadai kiwango kionyeshwe. Haidai kampuni iandike imejiongezea kiasi gani ndani yake.

Wafanyabiashara wa Kibirizi hapa Kigoma wanaopokea faranga za Burundi hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Kwenye ubao wa duka la kubadilishia fedha kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na hakuna anayekutoza ada dirishani. Duka linaishi kwa pengo lililo kati ya hizo bei mbili.

Kampuni ya pili aliyoiangalia ilitoza ada ya dola 3.99 lakini kiwango chake kilikuwa 2,480. Kwa macho ya haraka hii ni ghali. Tuzilinganishe kwa haki, pesa inayomtoka mfukoni iwe ileile, dola 203.99. Kwa kampuni ya pili, dola 3.99 zinakwenda kwenye ada, 200 zinazobaki zinazidishwa kwa 2,480, mama anapata 496,000. Kwa kampuni "isiyo na ada", dola zote 203.99 zinazidishwa kwa 2,410, mama anapata kama 491,600. Yenye ada imempa mama shilingi 4,400 zaidi.

Angalizo moja: ada haibadiliki sana na kiasi, lakini pengo la kiwango hukua pamoja na pesa unayotuma. Ukituma dola 20 tu, ada ya 3.99 ni mzigo mkubwa na kampuni ya "bure" itashinda. Ukituma 500 za ada ya shule, pengo la shilingi 90 linakuwa 45,000. Kwa hiyo hakuna kampuni iliyo nafuu siku zote. Na jihadhari na kiwango kizuri cha mara ya kwanza: kampuni nyingi hukitoa kumvuta mteja mpya, na mara ya pili kinashuka.

Dhana: "Kiwango kimepangwa na serikali, wote wanatoa kilekile."

Benki Kuu ya Tanzania huchapisha viwango kila siku kwenye tovuti yake, navyo vinafaa kama kipimo chako. Lakini kampuni ya kutuma pesa hujiwekea chake, na kinaweza kubadilika asubuhi na jioni. Kinachokufunga ni kile kilichoandikwa kwenye risiti yako.

Dhana: "Wakala wa huku ndiye kala."

Hapa nilimkosea mtu, na nilimwomba radhi. Kumbe kipimo ni rahisi mno. Weka "Total to Recipient" kando ya ujumbe ulioingia kwenye simu. Risiti ilisema 482,000 na simu ya mama ilisema 482,000. Kampuni ya mtandao wa simu ilileta kila shilingi, na wakala hakuwa hata amegusa kitu.

Makato ya kutoa ni jambo jingine. Mama akienda kwa wakala kuchukua taslimu, mtandao hukata kwenye salio, na risiti ya Marekani haiyajui makato hayo. Anayetaka mama ashike 480,000 kamili mkononi lazima aongeze ya kutolea. Pesa ikiingia benki, benki ya mpokeaji nayo inaweza kukata. Ndiyo maana ya ile sentensi ndogo inayoanza na "Recipient may receive less".

Dhana: "Mstari wa kodi ni ujanja wa kampuni."

Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje ikiwa mtumaji amelipa kwa noti, kwa hawala ya karatasi au hundi ya benki ya namna hiyo. Kwa dola 200 ni dola 2. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani hatozwi. Mdogo wangu alikuwa akipeleka noti dirishani kwa mazoea tu.

Dhana: "Ukishalipa, imekwisha."

Mtumaji ana dakika 30 baada ya kulipa za kughairi na kurudishiwa yote, ada ikiwemo. Sharti ni kwamba pesa isiwe imechukuliwa au kuingia kwenye akaunti ya mpokeaji. Kwa pesa ya simu inayofika ndani ya dakika moja, haki hiyo huwa imeshapita kabla hujaitumia. Kwa hiyo macho yawe kwenye ule ukurasa wa kabla ya kulipa.

Kama imefika pungufu ya ilivyoandikwa, au haikufika siku iliyoahidiwa, anazo siku 180 kuanzia siku hiyo za kulalamika kwa kampuni, nayo ina siku 90 za kuchunguza. Risiti ndiyo ushahidi, asiifute kwenye simu. Lakini kiwango kibaya kilichoandikwa wazi si kosa kisheria. Shilingi 18,000 zile hatukuzidai, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameonyeshwa 2,410 akakubali.

Siku hizi kabla ya kulipa hufungua kampuni mbili, anaingiza kiasi ambacho "Total" yake ni ileile, kisha ananitumia picha ya mstari wa mwisho wa kila moja. Juzi tulichagua yenye ada. Mama akanisomea ujumbe kutoka barazani, tarakimu moja moja, na nikawa nafuata kwenye risiti kwa kidole: nne, tisa, sita.